Tushike mkono kwanza: kupima mapigo ya moyo kabla ya mazoezi ya kitini

(Maneno haya ni ya mwalimu wa mazoezi mbele ya kundi la wazee, siku yao ya kwanza. Yasomwe taratibu. Palipo na mabano, mwalimu anyamaze au afanye kilichoandikwa. Vitu vinavyohitajika: saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, na kila mzee awe na daftari dogo na kalamu.)

Shikamooni wazee wangu. Karibuni mkae. Leo hatutainua goti wala mkono mpaka kila mmoja wetu awe amehesabu mapigo yake ya moyo kwa vidole vyake mwenyewe. Kwa siku ya kwanza itatuchukua kama robo saa. Mkishazoea, kuhesabu kwenyewe ni dakika moja.

Mazoezi ya kitini nayo yanaupa moyo kazi. Ukipiga kwata huku umekaa, au ukinyoosha mikono juu ya kichwa mara kumi, moyo utaongeza mwendo, na hiyo ni kawaida. Mwenye shida ni yule anayefika hapa moyo wake tayari unakwenda mbio, au unakwenda shaghalabaghala, na mwenyewe hana habari. Ukimtazama usoni humjui, anacheka na wenzake kama kawaida. Ukimshika mkono ndipo unapomjua.

Kabla ya kushika chochote, tunakaa dakika tano. Aliyepanda ngazi, aliyekuja kwa mguu akikimbia jua, aliyegombana na kondakta njiani, wote mapigo yao yako juu kwa sasa, na tukihesabu sasa hivi tutaandika namba ya safari. Egemezeni mgongo kwenye kiti. Nyayo zote mbili ziguse sakafu, msipandishe mguu juu ya mwingine. Wenye viti vya plastiki, viegemezeni ukutani, maana kwenye sakafu ya vigae miguu yake huteleza na kupanuka. Na anayetaka kwenda msalani aende sasa, kwa sababu kubana mkojo nako kunapandisha mapigo.

Kuna jambo la kahawa. Najua wengi mmepitia barazani, na sina ugomvi na kahawa. Ila kahawa, chai ya rangi iliyokolea, sigara na ugoro, vyote vinausukuma moyo. Siku za mazoezi, viacheni nusu saa nzima kabla ya kupima. Aliyekunywa kikombe sasa hivi ahesabu tu, lakini aandike pembeni neno "kahawa", ili wiki ijayo asishangae kuona namba mbili zisizofanana.

Dakika tano zinakwenda, tutafute mahali pa kushika.

Vueni saa na bangili za mkono wa kushoto. Laza mkono huo juu ya paja, kiganja kitazame juu, vidole vilegee. Sasa kwa mkono wa kulia, anzia kwenye mzizi wa kidole gumba cha kushoto. Telemka mpaka kwenye mikunjo ya kifundo cha mkono, kisha sogea upana wa vidole viwili kuelekea kwenye kiwiko. Hapo, upande wa kidole gumba, utagusa ukingo wa mfupa. Kunja kiganja kidogo, utaona kano inajitokeza katikati kama kamba iliyokazwa. Kati ya kamba hiyo na mfupa pana kibonde. Mshipa tunaoutafuta unapita ndani ya kibonde hicho.

Weka humo ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati. Ukitaka ongeza na cha pete. Kidole gumba hapana. Gumba lina mshipa wake unaopiga kwa nguvu, na mtu akilitumia huweza kuhesabu mapigo ya gumba lenyewe, au akachanganya mawili akapata namba isiyo na mwenyewe.

Bonyezeni kidogo tu. Kosa la wengi siku ya kwanza ni kukandamiza. Mshipa huu uko juu juu, na chini yake pana mfupa, kwa hiyo ukiukandamiza unaubana na damu haipiti, halafu unalalamika kwamba huna mapigo. Fanyeni hivi: bonyeza mpaka pigo lipotee, kisha legeza polepole mpaka lirudi, na pale liliporudi vizuri ndipo ukae. Usipolisikia, sogeza vidole upana wa punje ya mchele kuelekea kwenye mfupa, subiri sekunde tano, kisha sogeza upande wa pili. Msichezeshe vidole ovyo. Vidole vinavyohangaika havisikii kitu.

(Mwalimu apite kwa kila mtu. Amshike mzee mkono wa pili wakati mzee ameshika wa kwanza, waone kama wanasikia pigo kwa wakati mmoja.)

Wapo watakaokosa, na sababu huwa zinajulikana. Mikono ya baridi huficha pigo, isugueni viganja kwa dakika moja. Wenye sukari ya miaka mingi, ganzi ya vidole huwanyima kusikia, na kosa si lao, pigo lipo. Mwenye mkono unaotetemeka naye atachanganyikiwa, kwa maana atahesabu mtetemo. Hao wote watashikwa na jirani, mama kwa mama na baba kwa baba wakipenda hivyo. Na kama kuna mtu aliyetengenezewa mshipa mkononi kwa ajili ya kusafishwa damu, mkono huo tusiuguse kabisa. Tutatumia mwingine.

Msishike shingoni. Mmewaona wachezaji wakishika shingo, na kweli pigo la pale ni kubwa. Lakini mshipa ule una sehemu inayopima shinikizo la damu, na kwa watu wazima sehemu hiyo huweza kuwa nyepesi kushtuka. Ukiibonyeza inauambia moyo upunguze mwendo, na mtu anaweza kuona giza akaanguka hapohapo alipokaa. Mkononi hakuna hatari hiyo.

Sasa tuhesabu. Tazameni saa ya ukutani. Mshale wa sekunde ukifika kwenye 12, pigo mtakalolisikia hapo liiteni sifuri, linalofuata moja, halafu mbili. Tunaanza na sifuri kwa sababu tunahesabu nafasi kati ya pigo na pigo. Minazi miwili shambani ina nafasi moja katikati, na minazi mitatu ina nafasi mbili. Hesabuni kimyakimya, midomo imefungwa. Kuongea kunapandisha mapigo na kunapoteza hesabu.

(Mwalimu aseme "sifuri" mshale ukigusa 12, na "simama" ukigusa 6.)

Hizo zilikuwa sekunde 30. Namba uliyopata izidishe mara mbili. Aliyepata 38 ana mapigo 76 kwa dakika. Mtu atauliza mbona nesi pale zahanati huhesabu muda mfupi zaidi. Yeye amezoea, sisi tunajifunza. Ukihesabu sekunde 10 na kuzidisha kwa sita, pigo moja ulilolikosa linakuwa kosa la mapigo sita. Kwa sekunde 30, kosa hilohilo linakuwa mawili tu.

Aliyepata 30 kamili, yaani 60 kwa dakika, arudie. Huenda ni mapigo yake kweli, na ni namba nzuri. Lakini mara nyingi anayepata 60 kamili alikuwa anafuata mlio wa saa, tik, tik, na mkono wake akausahau. Arudie akiwa ameziba masikio kwa fikra: macho yaangalie saa, akili ikae kwenye vidole.

Hapo tumepata namba, lakini kuna kitu ambacho kwa maoni yangu kina uzito kuliko namba, nacho ni mwendo wa pigo lenyewe. Fumbeni macho, bado mmeshika mkono, msihesabu. Sikilizeni tu.

(Mwalimu apige meza kwa ncha ya kidole, taratibu, kwa nafasi zilizo sawa, kama mara kumi na tano.)

Huu ni mwendo wa mtu anayetwanga peke yake. Mchi unapanda, mchi unashuka, na unajua pigo linalofuata litatua lini. Moyo ulio sawa unakwenda hivi. Unaweza kuongeza mwendo kidogo ukivuta pumzi na kupunguza ukiitoa, hiyo isiwatie hofu.

(Apige tena, na kila baada ya mapigo saba au nane aruke moja, kisha aendelee palepale.)

Huyu mtwangaji amekosa kinu mara moja akaendelea. Pigo limeruka, kisha likaja moja kubwa kidogo, halafu mwendo ukarudi. Watu wazima wengi wanalo hili mara mojamoja, hasa wakikosa usingizi au wakinywa kahawa nyingi. Likiwa la hapa na pale na mtu anajisikia vizuri, ataandika daftarini, atafanya mazoezi taratibu, na siku ya kliniki atamwambia daktari. Yakiruka mara nyingi ndani ya dakika moja, au kila likiruka anasikia kizunguzungu, leo atatutazama tu, na aende zahanati.

(Apige sasa bila mpangilio: mawili ya harakaharaka, kimya, moja, matatu ya haraka, kimya kirefu, mawili. Aendelee nusu dakika.)

Hii ni mvua inayoanza juu ya bati. Matone yanaanguka yanavyotaka, na ukijaribu kubashiri linalofuata unakosea kila mara. Mapigo yakiwa hivi tangu mwanzo wa dakika hadi mwisho, inawezekana vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kukaza. Damu humo ndani inazubaa, na damu iliyozubaa huganda. Bonge likitoka likafika kwenye ubongo, mtu anapata kiharusi. Mwenye hali hii ana uwezekano wa kupata kiharusi karibu mara tano ya asiye nayo, na wengi hawasikii maumivu yoyote. Ndiyo maana naomba mjifunze kuutambua mwendo huu kwa vidole kabla ya kushangilia namba nzuri, maana mtu anaweza kupata 78 safi kabisa kwa mwendo wa mvua.

Anayesikia mwendo huo ahesabu dakika nzima, sekunde zote 60, kwa kuwa nusu dakika moja inaweza kuwa na mapigo mengi na nyingine machache. Kama ni mara ya kwanza kuambiwa, leo hafanyi mazoezi, hata akijisikia ana nguvu. Leo au kesho aende kituo cha afya chenye kipimo cha umeme wa moyo, akiwa na daftari lake. Kama daktari anajua na ameshampa dawa, atafanya kwa kufuata kiwango alichopewa na daktari wake.

Nataka kusema kidogo kuhusu mashine. Wapo wenye mashine za presha nyumbani. Namba za juu zenye alama ya SYS na DIA ni za presha, na ya chini yenye PUL au mchoro wa moyo ndiyo ya mapigo. Msizichanganye. Wenye kile kidude cha kubana kidoleni, SpO2 ni oksijeni, na PR ni mapigo. Piko na rangi nzito za kucha hukisumbua kidude hicho, kiwekeni kwenye kidole kisicho na rangi. Mashine hizi ni nzuri, ila zinakupa wastani, na nyingi haziwezi kukuonyesha mtwangaji na mvua kama vidole vinavyoonyesha. Tumieni mashine mkipenda, baada ya mkono.

Turudi kwenye namba. Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Aliyepata zaidi ya 100 akae dakika tano nyingine, anywe maji kidogo kama hajakatazwa, kisha apime tena. Ikiwa bado zaidi ya 100, leo hakuna mazoezi, tutatafuta sababu. Aliyefika 120 na zaidi huku amepumzika aende hospitali leo hii, hata kama anasema hasikii chochote.

Chini ya 60 inahitaji tutazame dawa. Angalieni pakiti za dawa zenu za presha au za moyo. Jina likiishia na "lol", kama atenolol, bisoprolol au carvedilol, dawa hiyo kazi yake mojawapo ni kupunguza mwendo wa moyo. Kwa mtu huyo 54 au 56 inaweza kuwa ndiyo kawaida yake, na kama yuko mzima anaendelea. Paracetamol haimo, yenyewe huishia na "mol". Lakini dawa ya matone ya presha ya macho inayoitwa timolol imo, na wengi hawaihesabu kama dawa kwa sababu inawekwa jichoni. Matone yale huingia kwenye damu na huweza kuupunguza moyo mwendo, kwa hiyo zahanati itajeni. Aliyeshuka chini ya 50 na si kawaida yake, au aliye chini ya 60 akiwa na kizunguzungu au uchovu usioelezeka, asianze mazoezi, aende akaonwe. Na nawasihi sana, mtu asiache dawa ya "lol" kwa uamuzi wake kwa sababu ya namba aliyoiona hapa. Ikikatwa ghafla, moyo unaweza kuruka mbio na kifua kikabana. Anayepunguza ni daktari.

Wenye dawa hizo wajue pia kwamba mapigo yao hayatapanda sana wakati wa mazoezi hata wakijitahidi, hivyo wasiyafukuzie. Kipimo chao ni pumzi: uweze kuongea na jirani sentensi nzima, lakini kuimba kukushinde kidogo. Ukikatika katikati ya sentensi, punguza.

Sasa nawapa mfano mmoja, kwa sababu namba peke yake huweza kutudanganya. Bibi wa miaka 72 anatumia dawa ya presha ya kukojosha. Daftari lake la wiki tatu linaonyesha mapigo kati ya 72 na 78. Leo amefika, amepanda ngazi, anapima papohapo na kupata 54 kwa nusu dakika, yaani 108. Tunamwambia akae. Baada ya dakika tano anapata 48, yaani 96. Mwendo ni wa mtwangaji, haurukiruki. Kwa kipimo cha jumla, 96 iko ndani ya 60 na 100, na mwalimu mwenye haraka atamwambia aanze.

Lakini 96 si namba ya bibi huyu. Amezidi kawaida yake kwa karibu mapigo 20 huku amekaa. Tunamuuliza maswali manne: umelala? Una homa? Umekunywa nini tangu asubuhi? Tumbo likoje? Anasema ameharisha tangu juzi, na amemeza dawa zake zote kama kawaida. Hapo jibu limepatikana. Maji yamepungua mwilini kwa kuharisha, dawa ya kukojosha inazidi kuyatoa, na moyo unakimbia ili damu iliyobaki itoshe. Tukimpigisha kwata kisha akasimama, presha itashuka na ataanguka. Bibi huyu anabaki ameketi, anasindikizwa zahanati leo akiwa na pakiti za dawa zake, na swali lake la kwanza kule ni kama aendelee na dawa ya kukojosha siku hizi anazoharisha. Homa nayo hufanya vivyo hivyo: joto likipanda nyuzi moja, mapigo huongezeka kama nane hadi kumi.

Kwa hiyo daftari lina mistari mitatu tu kila siku. Tarehe na saa. Namba. Mwendo: "sawa", "linaruka" au "mvua". Baada ya wiki mbili utaijua namba yako, na siku ikizidi kwa 15 au 20 bila sababu unayoijua, niite kabla hatujaanza. Wenye kufunga Ramadhani watagundua namba ya alasiri si ya asubuhi, kwa kuwa maji yamepungua. Mwezi huo tutakutana baada ya futari.

Maumivu ya kifua, pumzi kukatika ukiwa umekaa, jasho la baridi, au kizunguzungu cha kutaka kuzimia: kwa haya hatuhesabu mapigo kwanza. Inua mkono, sema, na wote tunasimamisha mazoezi huku tunatafuta usafiri wa kwenda hospitali.

Haya, dakika tano zimepita zamani. Shikeni mkono. Mshale unakaribia 12. Sifuri.

(Sekunde 30. Kila mtu aandike. Mwalimu asome kila daftari kabla ya mtu yeyote kusogea. Wasioanza leo wakae mstari wa mbele, karibu na mwalimu.)

Vizuri. Madaftari chini ya kiti. Tukimaliza tutakaa dakika tano tuhesabu tena, na nategemea namba iwe imeshuka karibu na hii mliyoandika. Sasa visigino juu, vidole vya miguu vibaki chini. Taratibu. Moja.